Mlio wa Kifua Usiotoka Kifuani

Mtoto hana homa wala mafua, na macho yake yanang'aa. Lakini kila akivuta pumzi kunasikika mlio mwembamba wa kukwaruza, kana kwamba kuna kitu kimekwama kooni. Akibebwa wima begani unapungua, akilazwa chali unarudi, na akianza kulia unasikika hadi chumba cha pili. Akiwekwa kwenye ziwa ananyonya mara chache, anaachia, anahema, kisha anarudia.

Nyumbani kila mtu ana jibu lake. Bibi anasema kifua kimejaa makohozi. Jirani anasema kimeo kimerefuka. Muuza duka la dawa anatoa dawa ya maji ya kuua bakteria, mara 3 kwa siku. Chupa inakwisha, na mlio uko palepale.

Kwa watoto wengi wa aina hii, mlio hautoki kifuani kabisa. Unatoka kwenye mlango wa njia ya hewa, sehemu ya juu ya koromeo, ambako nyama na gegedu za mtoto mchanga bado ni laini kiasi cha kuvutwa ndani anapovuta pumzi. Madaktari huita hali hii laringomalasia, jina lililoanza kutumika mwaka 1942 katika maandishi ya Chevalier Jackson, bingwa wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza koo na njia za hewa kwa vifaa vya kuchungulia. Ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha mlio wa kuvuta pumzi kwa watoto wachanga. Kwa kawaida huanza ndani ya wiki 2 za mwanzo, na kwa wengine baada ya mwezi hivi.

Juu ya mlango huo kuna kidakatonge, kifuniko kidogo kinachosaidia kulinda njia ya hewa mtu anapomeza. Kwa mtoto mwenye laringomalasia kidakatonge mara nyingi kimejikunja pande zote mbili badala ya kukaa wazi. Kutoka kwenye kingo zake zinashuka kunjo mbili za nyama kuelekea nyuma, na kwa watoto hawa kunjo hizo ni fupi, hivyo zinakivuta kifuniko kiinamie mlango. Huko nyuma zinakoishia kuna vigegedu viwili vidogo vilivyofunikwa na utando, na utando huo ukiwa mwingi kupita kiasi hujivingirisha na kuanguka mbele kila pumzi inapoingia. Mtoto mmoja anaweza kuwa na kasoro moja kati ya hizo, mwingine zote tatu. Inaaminika pia kwamba mishipa ya fahamu inayokaza sehemu hiyo huwa haijakomaa, na ndiyo maana watoto wengi hupona bila kuguswa, kwa kukua tu.

Kwa nini basi kilio kizidishe mlio? Hewa inapopita kwa kasi mahali pembamba, shinikizo lake kwenye kuta hushuka na kuta huvutwa ndani. Anayenyonya juisi nzito kwa mrija laini ameliona hilo: kadiri anavyovuta kwa nguvu, ndivyo mrija unavyobanana. Mtoto aliyetulia huvuta hewa polepole na mlango hubaki wazi kiasi cha kutosha. Akilia, baada ya kila ukelele anahitaji kuvuta hewa nyingi kwa mara moja, na nguvu hiyohiyo ndiyo inayoubana mlango wake.

Ukubwa wa njia yenyewe unaongeza tatizo. Sehemu iliyo nyembamba kuliko zote katika njia ya hewa ya mtoto mchanga, chini kidogo ya nyuzi za sauti, ina kipenyo cha milimita 4 hivi. Ukuta wake ukivimba milimita 1 kuzunguka kote, kipenyo kinabaki 2, na robo tatu ya nafasi ya kupitisha hewa imekwisha. Mtu mzima akivimba kiasi hicho anakohoa kidogo na kuendelea na kazi. Ndiyo sababu mafua mepesi, ambayo kaka yake wa miaka 5 anayamaliza kwa siku 3, yanaweza kumfanya mtoto mwenye laringomalasia ahangaike usiku kucha.

Kunyonya nako kuna kazi yake. Mtoto mchanga hunyonya, humeza na kupumua kwa mpangilio, na kila anapomeza husitisha pumzi kwa muda mfupi. Mwenye njia iliyo wazi hamalizi hata akiba yake ya hewa. Mwenye njia inayobanana anafika kwenye ziwa akiwa tayari anafanya kazi ya ziada, kila kumeza kunampokonya nafasi ya kuvuta hewa, na baada ya mikupuo michache lazima aachie. Akirudi kwa pupa anapaliwa na maziwa au anameza hewa.

Hapo mzunguko mwingine unaanza. Mtoto anapovuta hewa kupitia mlango uliobanwa, ndani ya kifua chake kunatokea mvuto mkubwa kuliko kawaida, na mvuto huo huyapandisha maziwa na asidi kutoka tumboni. Asidi ikifika kooni hukera nyama zilezile zilizo laini, zinavimba, na mlango unakuwa mwembamba zaidi. Kwa hiyo watoto wengi wenye mlio huu hucheua sana, hujikunja mgongo baada ya kunyonya, na mlio wao huzidi nusu saa baada ya mlo.

Kabla ya vipimo vyovyote, mzazi anaweza kupata habari nyingi kwa kusikiliza. Jambo la kwanza ni wakati wa mlio. Ukisikika pumzi inapoingia, chanzo kiko juu, kwenye koromeo. Ukisikika zaidi pumzi inapotoka, na kukiwa na kikohozi kizito cha kubweka, huenda laini ni bomba la hewa lenyewe, chini ya koromeo. Ukisikika kote kuwili, pumzi ikiingia na ikitoka, kuna uwezekano wa mahali palipobana pasipofunguka, na hilo linahitaji kuangaliwa mapema.

Jambo la pili ni sauti ya kilio. Laringomalasia haigusi nyuzi za sauti, kwa hiyo mtoto hulia kwa sauti safi na ya nguvu. Kilio kikiwa cha kukauka, dhaifu au hakitoki, daktari atafikiria nyuzi za sauti zilizopooza au uvimbe ulioota juu yake. Jambo la tatu ni ngozi: alama nyekundu zilizotuna kwenye kidevu, shavu au shingo, zinazokua wiki hadi wiki, zinaweza kuambatana na uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya njia ya hewa.

Kwa kuwa watoto wana tabia ya kunyamaza pale tu daktari anapofika, video fupi ya simu ina thamani kubwa. Inatosha kumpiga picha kifua kikiwa wazi, mara moja akiwa amelala, mara nyingine akinyonya, na mara ya tatu akilia.

Katika sehemu nyingi za Tanzania, na kwa baadhi ya jamii za Kenya, mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha au pumzi yenye kelele hupelekwa kukatwa kimeo. Anayekata anaamini kwamba kinyama kile kinachoning'inia nyuma ya kinywa kimerefuka na kinamkwaza mtoto. Ukifumbua kinywa cha mtoto kimeo kinaonekana, na kwa kuwa ndicho pekee kinachoonekana, ni rahisi kukitwika lawama. Lakini mlango unaobanana katika laringomalasia uko chini zaidi, nyuma ya mzizi wa ulimi, mahali ambapo jicho halifiki bila kifaa. Kimeo kikikatwa, kidakatonge kinabaki kimejikunja vilevile.

Kinachoongezeka ni hatari. Jeraha la kimeo huvuja damu, na damu hiyo inashukia kwenye njia ya hewa ambayo tayari ni nyembamba. Kisu kisichochemshwa huleta pepopunda na maambukizi ya damu, na kikitumiwa kwa zaidi ya mtoto mmoja kinaweza kupitisha virusi vya Ukimwi. Wapo wazazi wanaosema mtoto wao alipona baada ya kukatwa. Mtoto anayepelekwa kwa fundi akiwa na miezi 8 yuko karibu na umri ambao mlio huanza kupungua wenyewe, na ngariba ndiye anayepokea shukrani.

Hata katika kituo cha afya jibu halipatikani moja kwa moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaofuatwa na wahudumu wa afya wa ngazi ya chini unachukulia mlio wa kuvuta pumzi kwa mtoto aliyetulia kuwa dalili ya hatari, na unaelekeza mtoto apewe dawa ya kuua bakteria na kupelekwa rufaa haraka. Mwongozo huo umetungwa ili nimonia isimponyoke mhudumu, na kwa mlio ulioanza jana pamoja na homa ni sawa kabisa. Matokeo yake kwa mwenye laringomalasia ni kwamba anaweza kutibiwa nimonia mara 3 au 4 kabla ya kufikisha nusu mwaka. Wengine huvutishwa mvuke wa dawa ya pumu, nao hauwasaidii, kwa sababu dawa ile hulegeza vijia vidogo ndani ya mapafu na haina la kufanya kwenye koromeo. Picha ya eksirei ya kifua nayo hutoka safi.

Kinachosaidia kutenganisha ni historia. Mlio uliokuwepo tangu wiki za mwanzo, unaokuja na kuondoka kulingana na mkao wa mtoto, kwa mtoto asiye na homa, hauna sura ya nimonia. Mama akilieleza hilo kwa mpangilio, pamoja na tarehe, mhudumu anapata picha tofauti na ile ya neno moja, "anakoroma".

Swali linalofuata ndilo zito: yupi asubiriwe akue, na yupi apelekwe kwa bingwa bila kukawia? Sauti ya mlio si kipimo kizuri. Mtoto anaweza kupiga kelele nyingi na kukua vizuri, na mwingine akawa na mlio hafifu kwa sababu hewa inayopita ni kidogo mno. Kipimo kizuri kiko kwenye kadi ya kliniki.

Tuchukue watoto wawili wa mfano, wa aina ambayo muuguzi wa kliniki ya watoto huwaona. Wa kwanza ni msichana aliyezaliwa na kilo 3.1. Mlio ulianza siku ya 10. Kwenye chanjo ya wiki ya 6 ana kilo 4.1, wiki ya 10 ana 4.9, na wiki ya 14 ana 5.5. Mtoto wa umri huu hutarajiwa kuongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku; huyu ameongeza wastani wa gramu 24 katika wiki 6 za mwanzo, kisha karibu 29, kisha 21. Hunyonya kwa dakika 20 na kulala. Akilia, kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari kinabonyea kidogo. Akitulia kinakaa sawa. Kelele zake zinawatisha wageni, lakini mstari wake kwenye kadi unapanda pamoja na ule uliochapishwa. Mtoto huyu anahitaji kupimwa uzito mara kwa mara, na mama yake anahitaji kufundishwa dalili za hatari. Dawa hahitaji.

Wa pili ni mvulana aliyezaliwa na kilo 3.2, na mlio wake ni wa chini, hata majirani hawausikii. Wiki ya 6 ana kilo 3.8. Wiki ya 10 ana 4.1. "Mama, ananyonyaje?" anauliza muuguzi, na hapo habari zinatoka: kila mlo unachukua dakika 45, anaachia ziwa kila baada ya mikupuo 5 au 6, paji la uso linatoka jasho, na usiku huamka akitweta. Katika siku 28 zilizopita ameongeza gramu 300, yaani chini ya 11 kwa siku, nusu ya kiwango cha chini kinachotarajiwa. Maziwa anayopata anayachoma kwa kazi ya kupumua. Akiwa ametulia kabisa, sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea kwa kila pumzi. Huyu ndiye wa kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo wiki hiyohiyo.

Kipimo chenyewe ni kifupi kuliko hofu inayokitangulia. Mtoto hukaa mapajani kwa mama, macho wazi, bila kulazwa usingizi. Daktari hupitisha mrija mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera, kupitia tundu la pua hadi juu ya koromeo. Mtoto analia, na hapo kulia kwake kunasaidia, kwa sababu kila pumzi anayovuta inaonyesha kwenye skrini nyama zinavyoingia mlangoni. Dakika chache zinatosha. Lazima awe macho, maana dawa ya usingizi inaweza kubadilisha jinsi koo linavyocheza. Vifaa hivi vipo katika hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Kenyatta ya Nairobi. Picha isipolingana na ukali wa dalili, daktari hupanga uchunguzi wa pili chumba cha upasuaji, mtoto akiwa usingizini, ili aangalie bomba la hewa hadi chini, kwani baadhi ya watoto huwa na kasoro mbili kwa pamoja.

Kwa wasiohitaji upasuaji, ambao ndio wengi, kazi kubwa iko kwenye ulishaji. Mtoto anyonyeshwe akiwa ameinuliwa, kichwa juu kuliko tumbo, milo iwe midogo na ya mara nyingi. Mama asisubiri alie kwa njaa, kwa kuwa atafika kwenye ziwa tayari akihema. Akiachia, apewe muda apumue kabla ya kurudishwa. Katikati ya mlo na mwisho wake acheulishwe, kisha abebwe wima kwa dakika 20 au 30. Anayetumia chupa apewe chuchu inayotoa maziwa polepole. Kumwongezea uji ili maziwa yawe mazito ni jambo la kuamuliwa na daktari, sawa na dawa za kupunguza asidi, ambazo husaidia wale wanaocheua kwa maumivu na hazina kazi kwa wengine. Moshi wa jiko la mkaa na wa sigara huvimbisha koo, hivyo mtoto alale mbali navyo.

Kuhusu kulala kuna mtego. Kwa kuwa mlio hupungua mtoto akilala kifudifudi, wazazi hushawishika kumwacha hivyo usiku. Kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Alale chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto, hata kama kelele zinasikika. Kifudifudi ni kwa mchana, akiwa macho na mtu akimwangalia.

Karibu mtoto 1 kati ya 10, pengine hadi 2, huhitaji upasuaji, na yule mvulana wa mfano anaweza kuwa mmoja wao iwapo uzito hautapanda hata baada ya ulishaji kurekebishwa, au iwapo kipimo cha mguuni kitaonyesha oksijeni inashuka akilala. Upasuaji hufanyika kupitia kinywani, mtoto akiwa usingizini, bila kovu la nje. Daktari hukata zile kunjo fupi ili kidakatonge kisimame wazi, na akiona utando wa nyuma umezidi huupunguza. Baada ya hapo mtoto hulala chini ya uangalizi wa karibu, kwa kuwa koo linaweza kuvimba saa za mwanzo. Wengi hunyonya vizuri ndani ya siku chache na uzito hupanda. Kuna wanaopaliwa kwa muda, na mara chache kovu la ndani hubana njia, ndiyo maana daktari huondoa kidogo akijua anaweza kurudia kuliko kuondoa kingi. Watoto wenye matatizo ya ubongo na misuli hupata nafuu ndogo zaidi, na wachache wao huhitaji kutobolewa tundu la kupumulia shingoni.

Kuna hali ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Midomo au ulimi kuwa wa bluu, pumzi kusita huku mtoto akilegea au kubadilika rangi, kifua kubonyea sana akiwa ametulia, kushindwa kunyonya, au usingizi mzito usio wa kawaida: kwa lolote kati ya hayo mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa homa, na kwa pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, au 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi mwaka. Zihesabiwe kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Na mlio ulioanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa akicheza na vitu vidogo si laringomalasia; huenda amevuta kitu kikaingia njia ya hewa.

Wazazi wajiandae pia kwa jambo moja linalowakatisha tamaa wengi: mlio kwa kawaida huzidi kabla ya kupungua. Mtoto anavyokua huvuta hewa nyingi zaidi na kulia kwa nguvu zaidi, wakati koromeo bado halijakaza, kwa hiyo kati ya miezi 4 na 8 kelele hufikia kilele. Baada ya hapo hupungua, na wengi huwa wameshauacha mlio wakiwa na miezi 12 hadi 24. Katika kipindi hicho unaweza kurudi kila akipata mafua, kisha ukatoweka tena. Mtoto aliyepita miaka 2 na bado ana mlio wa kila siku, au anayekoroma usiku huku pumzi ikikatika, arudishwe kwa daktari wa koo achunguzwe upya, kwa sababu katika umri huo chanzo kinaweza kuwa kingine, mara nyingi tezi zilizovimba nyuma ya pua.